Kitufe cha Claim: unachogusa nusu mwaka na unachosaini kwa sekunde moja

Kwenye banda letu la Sabasaba alikuja kijana mmoja, akaniamkia, kisha akanigeuzia simu yake, ikiwa imefunguliwa pochi ya sarafu za kidijitali. "Mama, hii pochi inasema nimepata tokeni za dola 1,400, ila nikibonyeza kuuza inagoma." Nilimwomba anionyeshe alikozipata. Akasema hakuziomba, alizikuta tu. Ameshacheza michezo mingi ya kugusagusa skrini, kwa hiyo alidhani mmojawapo hatimaye umelipa.

Nitarudi kwake. Kwanza tuhesabu hiyo michezo hulipa nini, kwa kutumia uliovuma kuliko yote: Hamster Kombat, uliokuwa ndani ya Telegram mwaka 2024. Watu waligusa picha ya panya kuanzia Machi hadi Septemba. Tarehe 26 Septemba tokeni, yaani sarafu za mchezo huo, zikagawiwa. Kwa matangazo ya waendeshaji wenyewe, jumla ya tokeni ilikuwa bilioni 100, wachezaji wa msimu huo wakatengewa asilimia 60, na waliokidhi vigezo walikuwa milioni 131. Gawanya bilioni 60 kwa milioni 131, unapata wastani wa tokeni 458 kwa mtu. Siku hiyo tokeni moja iliuzwa karibu senti moja ya dola. Kwa hiyo mchezaji wa wastani alipata kama dola 4 na nusu, yaani shilingi 12,000 hivi za Tanzania au 600 za Kenya, tena si zote zilizotolewa siku ileile. Mwaka uliofuata tokeni ilikuwa chini ya nusu ya senti. Ukiweka bando la shilingi 200 tu za Tanzania kwa siku kwa miezi sita, umetumia 36,000.

Na huo ni mchezo uliolipa kweli. Haukuwa utapeli, ila mfuko ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi mno. Kila rafiki uliyemwalika ili upande ngazi aliongeza idadi ya wagawiwa. Kazi ndogondogo za kujiunga na chaneli fulani, kutazama video au kufungua akaunti kwenye soko fulani la sarafu zina faida ya haraka kwa upande wa pili: chaneli inapata wafuasi na soko linapata wateja. Jasho lako limeshauzwa siku uliyobonyeza. Malipo yako ni ahadi.

Programu nyingine za simu huita kazi hii "kuchimba" sarafu, na neno hilo nalo linapotosha. Uchimbaji wa bitkoini ni mashine kubahatisha namba bila kupumzika, na takribani kila dakika 10 mshindi mmoja, au kundi moja la wachimbaji, huchukua zawadi ambayo tangu Aprili 2024 ni bitkoini 3.125. Mashine moja ya kisasa hubahatisha mara trilioni 200 kwa sekunde na hula umeme wa wati 3,500 hivi, kama pasi tatu zikiwaka usiku na mchana. Zingehitajika mamilioni ya simu kuifikia mashine hiyo moja. Google ilikataza programu za kuchimba kwa kutumia simu yenyewe kwenye Play Store tangu 2018. Kwa hiyo programu inayokuonyesha nyundo ikigonga na namba ikipanda haichimbi kitu. Namba hiyo iko kwenye kompyuta ya kampuni, na kampuni inaweza kuiandika itakavyo. Ikikutaka utume "ada ya kutoa" kabla hujalipwa, hapo hakuna hata ile dola 4.

Hasara ya muda na bando inavumilika. Linalonitia wasiwasi ni kwamba miezi ya kusubiri humzoesha mtu kuamini kwamba siku moja kitatokea kitufe cha Claim, na akikiona atabonyeza. Wezi wanaijua hiyo siku.

Mwezi Julai 2022 zilirushwa tokeni zisizo na thamani kwenye anwani za pochi zaidi ya 73,000 za mtandao wa sarafu wa Ethereum. Aliyefuatilia kwenye Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala yote, aliona mtumaji ni Uniswap, soko linaloaminika. Jina lile lilighushiwa: tokeni yenyewe ndiyo iliyoandika habari za mtumaji, na tovuti ikaionyesha ilivyoandikwa. Jina la tokeni lilielekeza kwenye ukurasa wa kuzibadilisha ziwe sarafu halisi. Watu wakaunganisha pochi, wakabonyeza, wakathibitisha. Zikaenda takribani dola milioni 8. Mfumo wa Uniswap haukuvunjwa. Wenye mali walisaini wenyewe.

Walichosaini si kutuma pesa, na hapo ndipo wengi huteleza. Mitandao ya aina ya Ethereum ina amri ya kuruhusu: unampa mtu mwingine haki ya kuchukua sarafu zako baadaye, bila kukuuliza tena. Masoko halali huitumia kila siku. Ukurasa wa mwizi hukuletea amri ileile, huku kitufe kimeandikwa Claim:

```
approve(0x..., 115792089237316195423570985008687907853269984665640564039457584007913129639935)
```

Ile 0x ni anwani ya mwizi. Namba ndefu ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa pale, yaani bila kikomo. Ni sawa na kumpa mtu hundi uliyosaini bila kuandika kiasi. Ukishathibitisha, salio linaweza kubaki vilevile, ukadhani umenusurika. Mwenye hundi anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, siku pesa zikiingia.

Namna nyingine ni hatari zaidi kwa sababu haikuombi hata gesi, yaani ada ya muamala kwenye mtandao. Inafunguka skrini ya Signature request, na ndani yake kuna mstari wa Spender na wa Value. Mtu anasema, "hii si muamala, ni bure." Kumbe saini ile inafanya kazi ileile ya approve, gesi ataigharamia mwizi atakapoipeleka mwenyewe kwenye mtandao. Ukiona Spender au SetApprovalForAll mahali ulipotarajia kupokea, bonyeza Reject. Mgao halali hauhitaji ruhusa ya kutoa vilivyo vyako.

Maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako ni habari nyingine kabisa. Hakuna mgao unaoyahitaji. Anayeyapata si mwenye hundi, ni mwenye akaunti, na hapo hakuna cha kufuta isipokuwa kufungua pochi mpya na kuhamisha kilichobaki kabla yake.

Sasa turudi kwa kijana. Tuliingiza anwani yake kwenye BscScan, ndugu wa Etherscan kwa mtandao wa BNB, tukafungua sehemu ya Token Approvals. Ruhusa ilikuwepo, ya wiki mbili nyuma, kwenye USDT yake, sarafu inayofuata thamani ya dola, bila kikomo. Alikuwa amefungua ukurasa uliotajwa kwenye jina la ile tokeni ya dola 1,400, akabonyeza mara moja tu. Baadaye aliona shaka akabonyeza Disconnect, akaridhika. Disconnect huzuia ukurasa usione pochi, ruhusa haiigusi.

Hakuibiwa kwa sababu pochi ilikuwa tupu. Lakini anachora nembo kwa mteja wa nje, na Ijumaa ile alikuwa alipwe USDT 160 kwenye anwani hiyohiyo. Kufuta ruhusa ni muamala, nao unahitaji gesi, kiasi kidogo cha BNB, nayo ilishamwishia. Tukaona kununua BNB kwa ajili ya pochi tupu ni kujisumbua. Akatengeneza pochi mpya palepale mezani, akaandika maneno yake 12 kwenye daftari, mimi nikiwa nimegeuka upande wa pili, kisha akamtumia mteja anwani mpya na ujumbe: "Ile ya zamani usiitumie tena."