Kalavati lililojaa nusu halipitishi nusu ya maji

"Mwanangu, mbona mvua yenyewe ilikuwa ndogo?" Mama mwenye nyumba aliniuliza hivyo huku akianika godoro la tatu uani, kwenye mtaa mmoja wa bondeni Kinondoni. Alikuwa sahihi. Dar es Salaam imewahi kupata mvua kubwa kweli, kama ya Desemba 2011 iliyoua watu zaidi ya 40, na mvua ya namna ile inauzidi hata mtaro safi. Iliyojaza maji nyumba ya mama huyu ilinyesha dakika 20 tu, kwa kasi ya milimita 30 kwa saa. Ukijumlisha, ni milimita 10. Ndoo iliyoachwa nje ingepata maji ya kufunika kitako tu.

Kazi yangu ni mitaro ya maji ya mvua, kwa hiyo nilianza kwa kupima eneo linalomwaga maji kuelekea kwake: hekta 10 hivi. Zamani mteremko ule ulikuwa mchanga, majani na mikorosho. Ardhi ya namna hiyo hunywa sehemu kubwa ya mvua, na kama sehemu moja kwa tano ndiyo hutiririka. Kwa mvua ile, bondeni zingefika takriban lita 170 kwa sekunde. Leo mteremko huohuo ni mabati, zege, lami, na nyua zilizopigwa pevingi juu ya udongo ulioshindiliwa. Nilikadiria kwamba asilimia 85 ya mvua inatiririka, na jibu likawa lita 700 kwa sekunde. Mvua ni ileile, maji yameongezeka mara nne.

Tena hayaji kwa mwendo wa zamani. Majani huyachelewesha maji, kwa hiyo ya juu ya kilima hufika baada ya ya chini kuwa yameshapita. Juu ya lami na zege yote hukimbia, yakakutana bondeni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watu hukuta barabara imejaa kabla hawajawahi kuwatoa watoto ndani.

Maji hayo yote yanategemea kalavati moja chini ya barabara, bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 600. Likiwa safi, kwa mteremko wake wa mita moja katika kila mita 100, lina uwezo wa kupitisha lita 600 hivi kwa sekunde. Lingebanwa kidogo, lakini mama angelala pakavu. Nililikuta limejaa mchanga hadi katikati.

Wengi hudhani kwamba likijaa nusu litapitisha nusu. Sivyo. Nafasi imepungua nusu, ndiyo, lakini maji yaliyobaki sasa yanasuguana na ukuta wa bomba kwa juu na kitanda cha mchanga kwa chini, hivyo kasi yake nayo inashuka. Uwezo unabaki kama theluthi moja: lita 220 kwa sekunde. Zinakuja 700, zinapita 220. Karibu lita 480 kila sekunde zinakosa pa kwenda, na kwa dakika 20 hizo ni zaidi ya mita za ujazo 570. Sehemu ya chini ya mtaa ina mita za mraba 2,000 hivi. Yagawe humo, unapata maji ya sentimita 28 au 29. Alama ya tope ukutani kwa mama ilikuwa juu kidogo ya goti la mtoto. Kina hicho kinaficha chemba isiyo na mfuniko na ukingo wa mtaro, na hapo ndipo watu hutumbukia.

Lawama nyingi huenda kwa chupa na mifuko. Zina kosa lao, ila wenzangu wengi huishia hapo, nami sikubaliani nao. Taka hunasa mdomoni mwa kalavati na kupunguza mwendo wa maji. Maji yakipungua kasi, mchanga uliosombwa kutoka barabara za vumbi hutua. Taka unaziondoa kwa reki asubuhi moja, lakini mchanga unabaki ndani usikouona.

Kuna namna ya kujua tatizo liko wapi bila kifaa chochote. Mvua ikinyesha, simama mahali salama uangalie pande zote mbili za barabara. Maji yakiwa juu upande yanakotoka na chini upande yanakoelekea, kalavati limeziba au ni dogo. Yakiwa juu pande zote, kizuizi kiko mbele zaidi, na kuzibua hapo hakutasaidia. Karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, kizuizi hicho huweza kuwa bahari yenyewe wakati maji yamejaa.

Kwa mama upande wa pili ulikuwa karibu mkavu, kwa hiyo tulizibua. Vijana walitoa mchanga siku mbili, wakaurundika palepale ukingoni mwa mtaro. Niliomba lori liuzoe jioni ileile, kwa sababu mvua inayofuata ingeurudisha wote ndani.