Mahubiri ya kuwekwa wakfu kasisi: kwa nini nahubiri 1 Samweli 12

Nikialikwa kuhubiri siku ya kuwekwa wakfu makasisi, wenyeji huniomba niguse habari ya Yesu kuwaosha wanafunzi miguu. Sina ugomvi na Yohana 13. Ila nimeona mara nyingi jinsi somo lile linavyopokelewa: watu wanatabasamu, kwaya inaimba, na hakuna aliyeondoka na kazi ya kufanya. Unyenyekevu wa kasisi unabaki kuwa siri ya moyo wake, na moyo hauwezi kukaguliwa na mhazini.

Kwa hiyo nachukua 1 Samweli 12:1-5. Samweli amezeeka, Sauli ameshatawazwa, na mzee anasimama mbele ya Israeli yote akidai ashitakiwe: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Kisha anaongeza kwamba likipatikana lolote, atarudisha. Angalia alivyouliza. Hasemi "ombeni nisamehewe kama niliwakosea", maneno tunayoyasikia kwenye kila sherehe ya kuagana. Anataja mifugo, kitu ambacho mwenye nacho angeweza kusimama na kusema, "Punda wangu yuko kwako." Sura ya 8 alikuwa amewaonya kwamba mfalme atawatwalia mashamba, watumishi, hata punda zao. Sasa anajipima kwa kipimo kile kile.

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu ya mstari tunaoupenda kuutumia vibaya: "Msiwaguse masihi wangu." Zaburi 105 inausema kuhusu mababu, wageni wachache waliotangatanga kati ya mataifa, na wanaokemewa pale ni wafalme waliotaka kuwaonea. Leo unatajwa mzee wa kanisa anapouliza risiti ya mabati. 1 Samweli 12 inapindua matumizi hayo bila kelele, maana masihi wa Bwana, yaani Sauli, yupo pale pale, naye ameitwa kuwa shahidi wakati hesabu inatolewa. Mafuta ya upako hayakumwondoa mtu barazani.

Kuna jambo ambalo wahubiri wengi huliruka. Katika mstari wa 2 Samweli anasema, kama kwa kupita, "wanangu wapo pamoja nanyi." Hao ni Yoeli na Abiya, waliokuwa waamuzi Beer-sheba, waliopokea rushwa na kupotosha hukumu. Alikuwa amewaweka yeye mwenyewe. Watu wanamjibu kwamba hakuwadhulumu, na ni kweli, lakini swali la wanawe hakuliuliza. Mimi nalisema wazi mimbarani: kasisi anaweza kuwa na mikono safi na bado aliowateua wakawa wanakula. Shemeji aliyepewa kandarasi ya ujenzi wa nyumba ya kasisi, binti anayetunza kitabu cha sadaka. Kanisa linalomwuliza kasisi juu ya mikono yake tu limeuliza nusu.

Dawa naitoa kwa Paulo, 2 Wakorintho 8. Alipokuwa akikusanya mchango wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alikuwapo ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri nao, na Paulo anatoa sababu bila haya: asije mtu akawalaumu kwa habari ya fedha ile. Mtume! Basi nikifika hapo nawageukia washarika na kusema hivi: "Sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi, wasio wa nyumba moja, iandikwe kitabuni kabla haijatoka kanisani. Kasisi asiende nayo nyumbani, hata akiombwa. Mkimwacha aibebe peke yake, mmemtega."

Sauti hapa ina hatari yake. Ukimkazia macho kijana aliyevaa kanzu mpya, mkutano mzima utamwona mshukiwa, na mama yake yuko kiti cha mbele. Ikiwa parokia ina jeraha la fedha la mtangulizi wake, jaribu huwa kubwa zaidi. Mimbari si mahali pa kulifumua, kuna vikao vya hilo. Samweli alianza na nafsi yake, kwa hiyo nami naanza na mimi niliyealikwa, naitaja bahasha ya nauli niliyopewa na kwamba nimeisainia.

Mpangilio wa ibada nao unasaidia. Katika Kitabu cha Sala cha 1662 mahubiri hutangulia, ndipo watahiniwa huletwa, na askofu huwauliza watu kama yupo anayejua kizuizi au kosa la kumzuia yeyote kati yao. Kwa kawaida swali hilo husomwa mbio, kamera zikijipanga. Kabla ya ibada namwomba askofu, kwa heshima zote, akishauliza anyamaze kwa muda wa kutosha mtu kusimama. Nimeshakataliwa, kwa hoja kwamba wageni rasmi wana ratiba. Askofu akikubali, nafupisha mahubiri yangu kwa dakika mbili kufidia.