Kujifunza ndani ya muktadha: modeli inavyofuata mifano bila kubadilishwa

Modeli kubwa ya lugha ikipewa mifano michache ya kazi ndani ya maandishi unayoituma, mara nyingi huifanya kazi hiyo kwa ujumbe mpya, ingawa hakuna aliyeifunza rasmi. Huko ndiko kujifunza ndani ya muktadha. Mbinu ya kuiwekea mifano hiyo huitwa maelekezo ya mifano michache, na ilipata umaarufu mwaka 2020, GPT-3 ilipotoka ikiwa na vigezo bilioni 175. Vigezo ni zile namba za ndani zinazoamua neno gani lifuate.

Tuchukue dawati la huduma kwa wateja la kampuni ya simu, linalotaka kupanga jumbe zinazoingia:

```
Panga ujumbe kwenye kundi moja: MALIPO, MTANDAO, AKAUNTI.

Ujumbe: Nimekosea namba, hela imeenda kwa mtu mwingine
Kundi: MALIPO

Ujumbe: Nimesahau PIN na laini imefungwa
Kundi: AKAUNTI

Ujumbe: Bando lipo ila intaneti haifunguki tangu asubuhi
Kundi: MTANDAO

Ujumbe: Nimenunua bando, hela imekatwa, bando halijaingia
Kundi:
```

Modeli inaendeleza maandishi pale yalipoishia, nayo hujibu kwa neno moja kwa sababu mifano yote imeishia hivyo. Hakuna kigezo hata kimoja kilichoguswa. Ukifungua mazungumzo mapya bila mifano hiyo, modeli ni ileile ya jana.

Mifano hiyo inafundisha nini hasa? Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, katika kazi nyingi za kupanga makundi, hata majibu ya mifano yakiwekwa ovyo ufanisi haushuki sana. Kumbe sehemu kubwa ya faida ni umbo: makundi ni yapi, jumbe zinafananaje, jibu liandikwe vipi. Modeli kubwa zaidi hufuata pia uhusiano uliomo kwenye mifano, hata ukiwa umegeuzwa makusudi. Ila modeli isiyokielewa Kiswahili cha wateja wako haitaponywa na mifano mitatu.

Tazama tena ule ujumbe wa mwisho. Una hela na una bando, kwa hiyo MALIPO na MTANDAO yote yanavutia. Kama dawati limeamua kwamba hela iliyokatwa ni MALIPO, basi mfano wa namna hiyo, ukiwa na jibu lake, una thamani kuliko mitano iliyo wazi. Watu wengi hujaza mifano rahisi, kisha wanashangaa modeli ikiyumba pale pale penye utata.

Kuyumba kwingine hutokana na mpangilio. Modeli huelemea kundi lililotajwa mwisho, na pia kundi lenye mifano mingi kuliko mengine. Ili kulibaini hilo, weka kando jumbe kama 50 ambazo majibu yake unayajua na hazimo kwenye mifano, zipitishe mara kadhaa ukibadilisha mfuatano wa mifano tu, kisha linganisha. Ukitaka kipimo cha haraka, weka `N/A` mahali pa ujumbe: modeli ikishikilia kundi lilelile kila mara, upendeleo upo. Sawazisha idadi ya mifano kwa kila kundi na uichanganye.

Kuifunza upya modeli kwa kazi maalumu ni jambo jingine kabisa. Hapo unakusanya mamia au maelfu ya jumbe zenye majibu; modeli inajibu, kosa linapimwa, na vigezo vinasogezwa kidogo kupunguza kosa hilo, tena na tena. Njia ya LoRA huacha vigezo vya awali vilivyo na kufunza nyongeza ndogo pembeni. Kwa vyovyote, matokeo huhifadhiwa kwenye faili, na baada ya hapo hakuna haja tena ya kutuma mifano.

Gharama ndiyo huamua mara nyingi. Mifano 20 yenye tokeni 30 kila mmoja (si tokeni za umeme, ni vipande vya maneno) ni tokeni 600 katika kila ombi. Kwa jumbe 10,000 kwa siku, mifano peke yake ni tokeni milioni 6. Hapo kufunza upya kunaanza kuleta maana, ilimradi makundi hayabadilikibadiliki. Likiongezwa kundi la nne, LAINI_MPYA, kwenye maelekezo ni suala la kuandika mistari michache. Kwenye modeli iliyofunzwa unarudi kukusanya data na kufunza tena.

Kufunza nako kuna hatari zake. Data ikiwa chache na ukiirudia mno, modeli huikariri: kosa kwenye data ya mafunzo linaendelea kushuka huku kwenye zile jumbe 50 za kando likipanda. Ukiona hivyo, simamisha na urudi kwenye nakala iliyohifadhiwa kabla kosa halijaanza kupanda. Ijaribu pia kwa kazi nyingine, kama kufupisha barua, kwa sababu modeli iliyofunzwa kazi moja huweza kusahau zile ilizokuwa ikizimudu.