Je, wajua? Jumla ya sehemu inayopungua badala ya kuongezeka

*Mtoto ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, na karatasi nzima ameifanya hivyo hivyo: juu kwa juu, chini kwa chini. Kwa nini si sahihi, na nitaikaguaje bila kukokotoa kila swali upya?*

Linganisha jibu na sehemu iliyo kubwa kati ya zile mbili. Nusu ya 5 ni mbili na nusu, kwa hiyo 2/5 haifiki hata nusu. Mtoto alianza na nusu, akaongezewa theluthi, akaishia na pungufu ya nusu. Hapo huhitaji kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, ili kujua kwamba jibu limekosewa.

Na si swali hili tu. Ukijumlisha kiasi cha juu kwa kiasi na asili ya chini kwa asili, jibu huangukia kati ya sehemu mbili ulizoanza nazo. Zikiwa sawa, halisogei kabisa: 1/4 + 1/4 inatoa 2/8, yaani 1/4 ileile. Jumla ya kweli lazima izidi zote mbili, hivyo maadamu kila sehemu inazidi sifuri, njia hii haimpi mtoto jibu sahihi hata kwa kubahatisha.

Kinachoweza kukupoteza ni kurahisisha. Katika 3/4 + 1/6 mtoto anapata 4/10, kisha anaandika 2/5 safi kabisa. Ukitazama mstari wa mwisho tu, hujui ilitoka wapi. Rudi kwenye mstari wa kwanza baada ya swali, ndipo utakapoiona 10 iliyotokana na 4 + 6. Jibu sahihi ni 9/12 + 2/12 = 11/12.

Kabla ya kuweka mkasi, angalia pia maswali yenye asili zinazofanana. Aliyeandika 2/5 + 1/5 = 3/10 anaiona sehemu kama namba mbili zilizobandikwa pamoja; hajui kwamba 5 ya chini inataja ukubwa wa kipande, na ukubwa huo haubadiliki vipande vikiongezeka. Aliyepata 3/5 hapo, lakini akaandika 2/5 kwenye 1/2 + 1/3, huenda analielewa hilo ila hana njia ya kuvifanya vipande vilingane. Wa tatu ataandika 1/2 + 1/3 = 2/6. Huyu ameipata asili ya shirika, akasahau kubadili viasi. Wote watatu wamekosa, lakini kuwapa wote somo lilelile la KDS ni kupoteza muda, hasa kwa yule wa kwanza.

Kwa huyo, mchoro unasaidia, lakini mchoro mbaya unamthibitishia kosa lake. Mwachie achore mwenyewe: atachora umbo la vipande viwili, atie rangi kimoja, atachora jingine pembeni la vipande vitatu, atie rangi kimoja. Kisha atahesabu: vyenye rangi ni viwili, jumla ya vipande ni vitano. 2/5! Kilichoharibika ni kwamba amehesabu maumbo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na vipande vyenyewe havilingani ukubwa. Kwenye daftari la miraba, mchoree mstatili mmoja wa miraba 6. Nusu yake ni miraba 3, theluthi yake ni miraba 2. Atie rangi zote mbili humo humo: miraba 5 kati ya 6, yaani 5/6.

Mtoto mjanja anaweza kukubishia kwa alama zake. Jaribio la kwanza alipata 7/10, la pili 15/20, na kwa pamoja ana 22/30. Ana haki, na usimwambie amekosea. Pale alama zote zilizokuwapo zimeongezeka kutoka 10 hadi 30, na anachotafuta ni amepata ngapi kati ya zote. Katika zoezi la sehemu, kitu kizima ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Ukizijumlisha 7/10 na 15/20 za kitu kimoja unapata 29/20, ambayo inazidi kitu kizima. Hakuna mwanafunzi anayepata alama 29 kwenye mtihani wa alama 20, kwa hiyo ni maswali mawili tofauti.

Akiendelea kushikilia njia yake, mpe 3/4 − 1/4 aifanye juu kwa juu, chini kwa chini. Atafika 2/0. Mwulize vipande vyenyewe vina ukubwa gani, kisha mrudishe kwenye 2/5 + 1/5 aifanye upya kabla ya kugusa swali lolote lenye asili tofauti.