Bushi 11 badala ya moja: kutoa orodha ya sehemu kwenye picha ya mchoro

Siku moja fundi wa mashine ya kukereza kwenye karakana fulani huku Industrial Area alinipigia simu akaniuliza, "Boss, kwani hii feni iko na shafti ngapi?" Alikuwa amemaliza bushi ya nne ya bronzi na karatasi niliyomtumia ilisema 11. Mchoro wenyewe ulisema 1. Bronzi si bei ya sukuma wiki, kwa hivyo hilo kosa nilililipia mimi, na tangu hapo nimebadilisha kabisa vile nafanya hii kazi.

Kazi ni hii: mteja ako na mchoro wa zamani wa mashine, umekunjwa miaka kwenye kabati, anaupiga picha na simu anatuma, mimi natoa jedwali ambalo mtu wa kununua na fundi wanaweza kutumia. Kona ya chini kulia kuna kichwa cha mchoro, yaani kile kisanduku chenye jina, namba ya mchoro, skeli, tarehe na herufi ya marekebisho. Juu yake tu ndipo orodha ya sehemu inakaa.

Huu wa feni ulikuwa karatasi ya A1, upana 841 mm, na picha ya kwanza ilinifikia kwa WhatsApp ikiwa imebanwa hadi pikseli 1600. Piga hesabu, hapo milimita moja haipati hata pikseli mbili, na herufi za orodha zilikuwa na kimo cha 2.5 mm, so kila herufi ina pikseli kama tano hivi. Hakuna programu itasoma hiyo, hata wewe ukikaza macho utakuwa unabahatisha tu. Nikamwambia apige tena, lakini kichwa na orodha peke yake, upana wa 180 mm hivi. Sasa hata WhatsApp ikibana bado herufi inabaki na pikseli 22, na akituma kama dokumenti kutoka kamera ya pikseli 4000 inafika 55. Mimi chini ya 20 sihangaiki nayo, naomba nyingine.

Halafu picha lazima inyooshwe, kwa sababu hakuna mtu hupiga akiwa wima kabisa juu ya karatasi. Nachukua kona nne za orodha yenyewe, sio za karatasi, maana karatasi iliyokunjwa imejikunja kando na kona zake zinadanganya. Nanyoosha hadi pikseli 10 kwa kila milimita, natafuta mistari ya jedwali, kisha nasoma seli moja moja:

```python
M = cv2.getPerspectiveTransform(kona, lengo)
orodha = cv2.warpPerspective(picha, M, (1800, kimo))
seli = orodha[y1+6:y2-6, x1+6:x2-6]
neno = pytesseract.image_to_string(seli, config="--psm 7")
```

Kukosa hiyo 6, yaani pikseli sita za kuingia ndani ya mstari, ndiko kulinigharimu bronzi. Mwanzoni nilikuwa nakata seli juu ya mstari wenyewe, na mstari wa wima uliobaki kando ya namba 1 ukasomwa kama 1 nyingine. Kwenye seli ya maelezo ungeonekana haraka, unapata kijiti mbele ya SHAFT na unajua ni takataka, lakini kwenye safu ya idadi 11 ni namba halali kabisa na hakuna mtu atashtuka. Sasa nikiona 11 au 21 hapo narudi kwa picha kwanza. Na kwa nini seli moja moja? Kwa sababu ukisoma mstari mzima mara moja, seli tupu inapotea na kila kitu kinasogea kushoto, unakuta namba ya sehemu imekaa kwa safu ya idadi. Ukikata seli, tupu inabaki tupu.

Sasa pale watu wengi huangukia. Orodha iliyokaa juu ya kichwa cha mchoro husomwa kutoka chini kwenda juu. Namba 1 iko chini kabisa, ili mchoraji akiongeza sehemu apate nafasi juu. Programu inasoma kutoka juu, so unapata 8, 7, 6. Hiyo peke yake si shida, unapanga tu. Shida ni DO. Michoro ya zamani ya Kiingereza badala ya kurudia jina la chuma huandika DO, yaani "kama hiyo nyingine". Lakini ni gani, ya juu au ya chini? Kwenye mchoro wangu ilikuwa hivi, nimeruka namba 4 hadi 6:

```
8  WASHER   DO
7  KEY      M.S.
...
3  BUSH     PH. BRONZE
2  COLLAR   DO
1  SHAFT    EN8
```

Ukifuata macho utasema kola ni ya bronzi, kwa sababu ndiyo iko juu yake. Lakini angalia namba 8. Juu yake hakuna kitu, nafasi tupu tu, so DO yake haiwezi kurejelea juu, lazima ni ile iliyo chini, M.S., na kama mchoraji alikuwa anafuata mtindo mmoja basi kola ni EN8 kama shafti. Kwa hivyo napanga kwa namba kwanza ndio najaza DO, kamwe sio kinyume. Na najaza DO peke yake. Namba 4 ilikuwa beringi na seli yake ya chuma ilikuwa tupu kwa sababu beringi inanunuliwa dukani. Ukijaza kila tupu na cha awali utaagiza beringi ya bronzi.

Hiyo beringi nayo programu ilisoma 6208. Picha ilikuwa na doa la grisi hapo, 6 na 8 zinafanana. Kwa hizi beringi tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizidisha na 5 unapata tundu kwa milimita, so 6208 ni 40. Shafti kwenye mchoro, pale beringi inakaa, ni 30. Basi ni 6206. Sibadilishi kimyakimya lakini. Naweka safu mbili, moja vile ilisomwa na nyingine vile nimeamua, pamoja na sababu, ili mtu akibishana tunarudi pale pale. Na kila mstari unabeba namba ya mchoro na herufi ya marekebisho, maana jedwali likishatumwa kwa watu watano kichwa hupotea. Zote zinahifadhiwa kama maandishi, la sivyo Excel itakula sifuri za mbele na kugeuza bomba la 3/4 kuwa tarehe.

Seli moja ilinishinda, vipimo vya kii, ile KEY ya namba 7, grisi ilikuwa imefunika namba ya katikati, 8 x ? x 40. Kwa shafti ya zaidi ya 22 hadi 30 kii ya kawaida ni 8 kwa 7, lakini niliacha alama ya kuuliza nikampigia jamaa wa matengenezo kule kiwandani. Akaifungua, akaipima na vernia. "Ni saba, lakini imekulwa upande mmoja, weka mbili." Saba niliiandika. Ile mbili niliiweka kwa oda, kwenye jedwali idadi ikabaki 1, kwa sababu mchoro unasema 1.