Mshahara kwa Simu: Usianze Kukagua kwa Kuangalia Salio

Kila mwezi unapoisha, ofisi za kazi hupokea malalamiko ya aina moja: mshahara umeingia kwenye simu lakini haujatimia. Mlalamishi hufika dirishani, akatoa simu na kutuonyesha salio. Tunaelewa uchungu wake, lakini salio peke yake halitusaidii. Salio ni kile kilichobaki baada ya watu kadhaa kuchukua chao, na mwajiri ni mmoja tu kati yao. Kabla hatujamwandikia mwajiri barua, ni lazima tujue nani alichukua nini, na alichukua fedha zikiwa zimefika wapi.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa. Mkataba wake unasema shilingi 20,000 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwa ndani. Tarehe 30 mwajiri anamtumia mshahara kwa M-Pesa. Jioni anaangalia salio na kukuta 16,345. Anafika ofisini akisema mwajiri amemla shilingi 3,655.

Jambo la kwanza tunalouliza ni hati ya mshahara. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati hiyo kwa maandishi, kabla ya malipo au wakati wa malipo, ikionyesha mshahara ghafi, kila kato pamoja na sababu yake, na kiasi kinachobaki. Ikiwa sehemu ya mshahara inalipwa mkononi na sehemu kwa simu au benki, hati inapaswa kutaja kila sehemu na njia yake. Wasiohusika na sharti hili ni vibarua, wanaolipwa kwa kipande, na walioajiriwa kwa kipindi kisichozidi miezi sita. Wengine wote wana haki ya kuidai, hata katika duka lenye mfanyakazi mmoja.

Hati ya mfanyakazi wetu inaonyesha makato matatu. NSSF ni asilimia 6, yaani shilingi 1,200. Bima ya afya ya jamii, SHIF, ni asilimia 2.75, yaani shilingi 550. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani shilingi 300. Jumla ni shilingi 2,050. Kodi ya mapato haipo, nayo haikusahauliwa: baada ya makato hayo zinabaki 17,950 za kutozwa kodi, asilimia 10 yake ni 1,795, na nafuu ya kila mwezi ya shilingi 2,400 inaifuta yote. Kwa hiyo mshahara halisi ni shilingi 17,950. Hiki ndicho kiasi cha kukagulia. Mfanyakazi anayepiga hesabu kuanzia 20,000 anamdai mwajiri fedha ambazo sheria imeamuru zikatwe, na tunalirudia hili kila mwezi.

Jambo la pili ni kiasi kilichoingia, ambacho ni tofauti na kilichobaki. Ujumbe wa M-Pesa hutaja kwanza kiasi ulichopokea, kisha salio jipya. Wengi wanaruka namba ya kwanza wakasoma ya pili. Kama ujumbe umefutwa, omba taarifa ya akaunti kwa kupiga *334# au kupitia programu ya M-Pesa kwenye simu. Katika taarifa hiyo tafuta safu ya "Paid In" siku ya mshahara. Angalia pia maelezo ya muamala. Yakianza na "Salary Payment from" au "Business Payment from", fedha zimetoka kwenye akaunti ya biashara. Yakianza na "Funds received from", mwajiri alituma kutoka laini ya kawaida, kama mtu yeyote anavyomtumia mwenzake.

Taarifa ya mfanyakazi wetu inasema "Funds received from", na kiasi kilichoingia ni shilingi 17,845. Kinapungua kwa shilingi 105 kutoka mshahara halisi. Kwa viwango vya sasa vya M-Pesa, kutuma kiasi chochote kati ya 15,001 na 20,000 kunamgharimu mtumaji shilingi 105. Ada hiyo huchukuliwa kutoka salio la anayetuma, juu ya fedha anazotuma. Mtambo haumegi mshahara njiani. Kwa hiyo upungufu unaolingana na ada ya kutuma hadi shilingi ya mwisho una maelezo mamoja: mwajiri aliipunguza mwenyewe kabla ya kubonyeza, ili gharama yake ilipwe na mfanyakazi.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kifungu cha 17 kinataka mshahara ulipwe wote, moja kwa moja kwa mfanyakazi. Kifungu cha 19 kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa, kama michango, fidia ya uharibifu uliofanywa kwa makusudi, siku ambazo mtu hakufika kazini bila ruhusa, malipo yaliyozidi kwa makosa, mkopo, na yale yaliyoagizwa na sheria, mkataba wa pamoja au mahakama. Ada ya kutuma mshahara haimo. Waajiri hutuambia, "Lakini alikubali, hata sahihi aliweka." Kifungu hichohicho kinaruhusu kato lililoombwa na mfanyakazi kwa maandishi pale tu mwajiri asipokuwa na faida nalo, ya wazi au ya kuzunguka. Anayepunguziwa gharama ya kutuma anafaidika. Isitoshe, masharti ya Sheria ya Ajira ndiyo kiwango cha chini kabisa, na makubaliano ya kuyaacha ni batili. Huu ndio msimamo tunaoutumia tunaposuluhisha. Mgogoro ukifika mahakamani, neno la mwisho ni la mahakama.

Mwajiri anayeona ada hiyo ni mzigo anaweza kufungua akaunti ya malipo ya wafanyakazi kwa jumla, kutumia benki, au kulipa taslimu, njia ambayo sheria haijawahi kuifuta. Kuikata kimyakimya si mojawapo ya njia hizo.

Tumepata shilingi 2,050 na shilingi 105. Kutoka 3,655 alizolalamikia bado kuna 1,500. Kwenye taarifa ileile, mstari unaofuata mshahara, dakika hiyohiyo, unaonyesha malipo ya Fuliza. Mfanyakazi alikuwa ametumia zaidi ya salio lake katikati ya mwezi, na deni hilo pamoja na ada zake hulipwa lenyewe mara fedha zozote zinapoingia kwenye laini. Kuna ujumbe wa pili unaoeleza hivyo, lakini hufika nyuma ya ujumbe wa mshahara na watu hawaufungui. Mwajiri hajui habari za Fuliza yako wala hazimhusu. Kumshtaki kwa fedha hizo kunadhoofisha dai lako la kweli, maana akithibitisha kwamba shilingi 1,500 hakuzichukua, zile 105 ambazo alizichukua kweli zitaonekana kuwa uzushi pia.

Benki zina jambo kama hilo. Mshahara huonekana kwenye taarifa ya akaunti ukiwa mzima, kisha chini yake hufuata ada ya kuendesha akaunti, rejesho la mkopo au amri ya malipo ya kila mwezi. Linganisha mstari wa mshahara na hati ya mwajiri. Vikilingana, yanayofuata ni kati yako na benki. Mkopo unaokatwa na mwajiri kwa niaba ya benki au chama cha akiba unapaswa kuonekana kwenye hati. Ukionekana kote kuwili, kwenye hati na kwenye akaunti, kwa mwezi mmoja, umelipishwa mara mbili. Hilo lifuatilie kwanza kwa mhasibu wako, kabla ya kwenda benki.

Swali linalobaki ni ada ya kutoa. Kwa wakala, kutoa kiasi kati ya 15,001 na 20,000 ni shilingi 185. Ukigawanya 17,950 mara mbili, ukatoa 10,000 leo na iliyobaki kesho, utalipa shilingi 115 kila mara, jumla 230. Wafanyakazi wengi wanaamini mwajiri analazimika kutuma "na ya kutoa". Kwa kawaida halazimiki, hasa kama ni wewe uliyeomba ulipwe kwa simu. Ni jambo la kukubaliana, nasi tunashauri liandikwe kwenye mkataba au liingizwe na chama cha wafanyakazi kwenye mkataba wa pamoja. Hali hubadilika mwajiri anapokulazimisha kupokea kwa simu huku wewe umetaja kwa maandishi akaunti ya benki. Hapo una hoja ya kuleta ofisini, kwa kuwa kifungu cha 17 kinazungumzia akaunti iliyochaguliwa na mfanyakazi.

Ukishathibitisha upungufu, mwandikie mwajiri kwanza. Taja mwezi, kiasi kilicho kwenye hati, kiasi kilichoingia na tofauti. Wengi hurekebisha hapo hapo. Asipojibu, njoo kwenye ofisi ya kazi ya kaunti yako ukiwa na hati za mshahara, taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi husika, mkataba kama upo, na nakala ya barua yako. Hatutozi chochote. Picha ya salio iliyopigwa kwenye skrini si taarifa ya akaunti, tafadhali usiilete peke yake. Kama hukupewa mkataba wala hati, usiache kuja: mwajiri anaposhindwa kutoa kumbukumbu zinazotakiwa na sheria, ni yeye anayebeba mzigo wa kukanusha unachosema.

Afisa wa kazi humwita mwajiri na kulinganisha kumbukumbu. Kato lisiloruhusiwa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, juu ya kurudisha fedha zote zilizokatwa. Usuluhishi ukishindikana, mfanyakazi ambaye mshahara wake ghafi hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kwenda kwa hakimu aliyeteuliwa kusikiliza kesi za ajira. Anayezidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Muda nao una mwisho. Dai la kawaida la ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Upungufu unaojirudia kila mwezi, kama hizi shilingi 105, unaweza kuhesabiwa kuwa madhara yanayoendelea, na dai la namna hiyo hufunguliwa ndani ya miezi 12 tangu makato yalipokoma. Ukiacha kazi, au mwajiri akiacha kukata, anza kuhesabu miezi hiyo kuanzia siku hiyo.