Magwangala, kutu na asidi: watu wanavyochanganya

Jamaa yangu broka wa vito hapa Arusha alinipa jiwe lenye vimeta vya njano, akasema sio dhahabu, ni pairaiti tu, kalitupe. Sikulitupa. Nililisaga nikalitia kwenye chupa ya maji ya mvua (ya bomba yetu yana magadi, yangeificha asidi) nikaiacha wazi, wiki kadhaa baadae pH mita ya kuazima shamba la maua ikasoma 3 na kitu, yaani asidi, sawa na ile inayochuruzika kwenye magwangala, yale mawe taka yanayomwagwa nje ya mgodi.

Dhana: asidi inatokana na kemikali za mgodini.
Wala. Chupa yangu haikuwa na kemikali yoyote. Pairaiti ni chuma na salfa, ikikaa ndani ya mwamba imetulia, ukiipasua ukaimwaga nje kama magwangala inapata hewa na maji, salfa inageuka asidi ileile ya kwenye betri. Kuna bakteria pia wanaokula hicho chuma na wanaharakisha mno, ndo maana mgodi unaweza kufungwa na lundo likaendelea kuchuruzika asidi miaka na miaka.

Dhana: maji yakiwa meupe hayana shida.
Mtu wa Arusha unaamini hivyo kweli, na meno yetu haya ya floraidi? Maji yenye asidi kali yanaweza kuwa maangavu kabisa maana chuma kimeyeyuka humo. Kile kitope cha rangi ya chungwa unakiona mbele zaidi maji yanakoelekea, asidi inapopungua.

Dhana: mwaga mawe ya chokaa kwenye mfereji, basi.
Hapa ndo wengi wanaliwa hela. Tani moja ya magwangala yenye salfa asilimia 1 inataka kama kilo 31 za chokaa safi, kwahiyo lundo la tani 10,000 ni tani 310 hivi, yaani tipa la tani 10 liende trip 31. Sawa, umezileta. Ila mferejini kuna hewa, chuma kinaganda juu ya mawe kama kutu na ukoko huo unayazuia yasiyeyuke tena. Utajuaje? Mawe yapo tele lakini pH inayoingia na inayotoka karibu sawa, kwaruza jiwe na msumari uone weupe chini ya ukoko.

Dawa ni kuyafukia mawe kwenye mtaro uliofunikwa udongo wa mfinyanzi, maji yapite bila kuonja hewa, yakitoka ndo yaingie bwawa la wazi chuma kitulie huko. Na hapo bwawani pH inashuka tena, kwa sababu chuma chenyewe kikiganda kinaachia asidi, kwahiyo mtaro uwe umeongeza chokaa ya ziada, usiridhike na pH ya pale maji yanapotoka mtaroni. Ila kama maji yamefika tayari na oksijeni au alumini nyingi, mtaro utaziba, hapo unarudi kwenye mtambo wa kuchanganya chokaa ya unga, umeme kila siku, na tope la kuzoa.